Jicho Linaporefuka: Namba ya Miwani Haisemi Yote

 

Makala haya yametokana na kazi ambayo wengi wetu tumekua nayo, yaani kumtafsiria mama. Tumetafsiri benki, tumetafsiri kwenye vikao vya wazazi shuleni, na mwaka huu watatu kati yetu, kila mmoja kwa wakati wake, tulijikuta kwenye chumba cha mpima macho tukimtafsiria mama habari za mdogo wetu. Sote watatu tulikwama mahali pamoja. Mpima macho anasema "maiopia", sisi tunasema "haoni mbali", na mama anaitikia, kwa sababu hilo analijua tayari. Mtoto hukunja macho akitazama saa ya ukutani. Kisha mpima macho anaongeza kwamba jicho lenyewe linarefuka na tunaweza kulipunguza kasi. Hapo mama anageuka na kutuuliza: "Linarefuka vipi, mwanangu? Kwani jicho ni kidole?"

Tumeamua kulijibu swali hilo vizuri, na kwa Kiswahili. Ili tusipotee njiani, tutamfuata mtoto mmoja, mdogo wa mwenzetu wa mwaka wa pili. Ana miaka 9. Tumwite Mdogo, maana nyumbani kwao ndivyo wanavyomwita.

Mdogo alipata miwani ya kwanza akiwa na miaka 7, namba yake -1.00. Alipofika miaka 8 ilikuwa -1.75. Mwaka jana, miaka 9, ikawa -2.50. Kila mwaka lenzi mpya, na kila mwaka mama akatoka dukani akidhani tatizo limetatuliwa. Bibi yao aliyeko Tanga alikuwa na maelezo yake: miwani ndiyo iliyoyafanya macho yawe mavivu, mvueni. Shangazi yao wa Muscat naye akasema kuna dawa ya matone, watoto wa jirani yake wanaitumia, na angeweza kutuma kichupa kupitia mgeni anayekuja Uingereza. Mama akawa katikati ya wakwe wawili na mpima macho mmoja.

Tuanze na swali la kidole. Jicho la mtoto ni tufe dogo. Mwanga huingia kwa mbele kupitia konea, yaani kile kioo cha nje, na lenzi iliyo ndani, kisha hukutana kuwa picha kali juu ya retina, utando ulio nyuma kabisa. Jicho la mtu mzima asiyehitaji miwani huwa na urefu wa kama milimita 23 hadi 24 kutoka mbele hadi nyuma. Jicho la Mdogo lilirefuka kupita kiasi, retina ikasogea nyuma, na picha ya vitu vya mbali ikawa inakutana kabla ya kuifikia. Milimita moja tu ya ziada inatosha kuongeza namba ya miwani kwa dayopta 2.5 hivi. Miwani ya kawaida huisukuma picha nyuma mpaka ikae juu ya retina, na mtoto anaona vizuri. Urefu wa jicho haiugusi kabisa.

Bibi, kwa hiyo, ana sehemu ya ukweli: miwani ya kawaida haiponyi. Lakini kuivua hakusaidii. Malaysia walijaribu, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, kuwapa watoto miwani dhaifu kidogo kuliko walivyohitaji, wakitumaini macho "yatafanya mazoezi". Watoto hao walizidiwa haraka kuliko wenzao waliopewa namba kamili.

Kwa nini urefu uwe jambo la kuhangaikia, ikiwa miwani inarekebisha kuona? Kwa sababu retina haikui pamoja na jicho. Inavutwa, kama kitambaa kinachotandikwa juu ya meza iliyo kubwa kuliko chenyewe. Miaka thelathini au arobaini baadaye, sehemu iliyovutwa sana inaweza kuchanika na kubanduka, au kitovu cha retina, kile tunachosomea, kikachakaa. Hapo miwani haina la kufanya. Wataalamu wawili waliokusanya tafiti nyingi na kuchapisha hesabu yao mwaka 2019 waliona kwamba kila dayopta moja inayozuiwa utotoni hupunguza hatari ya ugonjwa huo wa kitovu cha retina kwa asilimia 40 hivi.

Tukamfanyia Mdogo hesabu kwenye karatasi. Mtoto wa umri wake huongeza namba haraka, kisha kasi hupungua mwaka hadi mwaka mpaka katikati ya ujana. Tukikisia aongeze 0.75 mwaka huu, kisha 0.60, 0.50, 0.40, 0.30 na 0.20, atafika miaka 15 akiwa na -5.25. Tukipata njia ya kukata kasi hiyo nusu, atafika akiwa na kama -3.9. Bado atavaa miwani maisha yake yote. Mama alisikitika kidogo aliposikia hivyo, kwa kuwa alitarajia neno "kupona". Hakuna njia yoyote kati ya hizi inayolifupisha jicho lililokwisha kurefuka. Kinachonunuliwa hapa ni ile dayopta moja na kitu.

Njia ya kwanza ni ya bure, nayo ni kutoka nje. Mwaka 2008 watafiti waliwalinganisha watoto wa asili ya Kichina wa miaka 6 na 7 wanaoishi Sydney na wenzao wa Singapore. Singapore, asilimia 29 walikuwa hawaoni mbali. Sydney, asilimia 3 tu. Wazazi wasioona mbali walikuwa karibu sawa pande zote mbili, na watoto wa Sydney walisoma vitabu vingi zaidi kwa wiki. Tofauti kubwa ilikuwa saa za kukaa nje: karibu 14 kwa wiki Sydney, karibu 3 Singapore. Baadaye, mjini Guangzhou, shule 6 ziliongezewa kipindi cha nje cha dakika 40 kila siku na nyingine 6 zikaachwa kama zilivyo. Baada ya miaka mitatu, watoto wapya wasioona mbali walikuwa asilimia 30.4 katika shule za kwanza na 39.5 katika za pili.

Kinachofanya kazi huko nje, kwa kadiri inavyojulikana, ni mwanga wenyewe. Darasani mna laksi 300 hadi 500. Nje, hata siku ya mawingu, hufika maelfu, na kwenye jua huvuka 50,000. Mwanga mwingi huifanya retina itoe dopamini, na dopamini inaelekea kuliambia jicho lisirefuke. Haihitaji jua kali. Utafiti wa Taiwan ulionyesha kuwa hata mwanga wa kivulini, laksi 1,000 na zaidi, unahesabika. Taiwan imekuwa ikizihimiza shule zake tangu mwaka 2010 kuwatoa watoto nje dakika 120 kila siku.

Sasa angalia siku ya Mdogo mwezi Desemba. Anatoka shule saa tisa na nusu alasiri. Jua linazama kabla ya saa kumi. Saa kumi na moja yuko madrasa, akisoma maandishi yaliyo karibu na pua yake. Saa moja usiku amerudi, anafanya kazi za shule. Jumamosi ni madrasa tena. Mama yake alikulia Pangani na hakuna aliyewahi kumhesabia saa za kukaa nje. Kilichowezekana kwao ni mapumziko ya mchana shuleni (Mdogo alikuwa akibaki maktaba, sasa haruhusiwi), kutembea kwa miguu badala ya gari asubuhi, na saa mbili za bustanini Jumapili, mvua isiponyesha sana. Mwalimu wa madrasa naye alikubali, wakati wa kiangazi, kusomesha darasa uani. Hilo wala hatukuliomba, alijitolea mwenyewe.

Lakini kuna mpaka wa kuusema wazi. Mwanga wa nje una nguvu ya kuchelewesha jicho lisianze kurefuka kupita kiasi. Kwa mtoto ambaye tayari ana -2.50, ushahidi kwamba kutoka nje peke yake kutampunguzia kasi ni dhaifu. Kwa hiyo anayefaidika zaidi na bustani katika nyumba hii ni mdogo wake Mdogo, wa miaka 5, ambaye bado anaona vizuri.

Njia ya pili ni lenzi maalumu, na hapa maelezo kidogo yanahitajika. Miwani ya kawaida huweka picha sawasawa katikati ya retina, lakini pembeni picha huelekea kuangukia nyuma ya retina. Inaonekana jicho la mtoto husoma hali hiyo kama amri ya kurefuka ili liifikie picha. Lenzi maalumu huacha katikati safi kwa kuonea, kisha kuzunguka hapo huwekwa vilenzi vidogo vidogo vinavyoleta sehemu ya mwanga mbele ya retina, kama vile kumwambia jicho, "basi, inatosha". Miwani ya aina hii iliyobuniwa na Chuo Kikuu cha Politekniki cha Hong Kong ina vilenzi karibu 400. Watoto wa miaka 8 hadi 13 walioivaa miaka miwili walirefuka jicho kwa milimita 0.21; wenzao wa miwani ya kawaida, 0.55. Zipo pia lenzi laini za kuvaa juu ya jicho na kutupwa kila jioni, zinazofuata wazo hilohilo. Katika jaribio la miaka mitatu, zilipunguza kasi ya kurefuka kwa asilimia 52. Na zipo lenzi ngumu za kulalia, ambazo huibonyeza konea usiku ili mtoto aone mchana bila miwani. Hizi mbili za mwisho zinataka mikono misafi na nidhamu. Lenzi haioshwi kwa maji ya bomba hata siku moja, kwa sababu maambukizi ya konea yanaweza kuliharibu jicho kabisa, jambo ambalo miwani haiwezi kulifanya.

Familia ilichagua miwani. Bei waliyotajiwa ilikuwa zaidi ya pauni 300, na vocha ya NHS ilipunguza sehemu ndogo tu. Kuna jambo moja ambalo hatukulisoma kwenye kijitabu chochote, mama ndiye aliyeligundua baada ya wiki mbili. Pua ya Mdogo ni pua ya kwetu, haina daraja refu, na fremu ilikuwa ikiteleza mpaka akawa anachungulia juu yake. Vilenzi vimepangwa kuzunguka mboni. Miwani ikishuka, mtoto anatazama kupitia sehemu isiyo yake, au hatazami kupitia lenzi kabisa, na fedha zote zinakuwa zimekwenda bure. Walirudi dukani, wakapewa fremu yenye vishikio vya pua vinavyorekebishwa na kamba nyuma ya masikio. Miwani hii inatakiwa ivaliwe siku nzima, saa 12 hivi, si darasani tu.

Njia ya tatu ni kichupa cha shangazi, nayo ndiyo iliyotuweka macho usiku.

Atropini ni dawa ya zamani. Hupanua mboni na kulegeza msuli wa kusogeza lenzi ya jicho. Zamani walidhani inazuia jicho kurefuka kwa kuupumzisha msuli huo, lakini inafanya kazi hata kwa vifaranga, ambao msuli wao si wa aina inayolegezwa na atropini. Kwa hiyo siku hizi wanadhani inafanya kazi kwenye retina au kwenye ukuta mweupe wa jicho. Singapore walianza na kipimo cha asilimia 1, jicho moja tu kwa kila mtoto, matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Jicho lililotiwa dawa karibu lilisimama kwa miaka miwili. Ila mboni ilikuwa wazi, mwanga ukimuumiza mtoto, na kusoma karibu kukawa shida. Mbaya zaidi, dawa ilipokatishwa, jicho likakimbia kufidia muda uliopotea.

Ndipo wakajaribu kupunguza. Asilimia 0.01, yaani mara mia pungufu, ilionekana karibu haina madhara, na ilipoachwa jicho halikukimbia. Dunia ikafurahi, na kipimo hicho kikaenea. Kisha Hong Kong wakafanya utafiti uitwao LAMP, wakagawa watoto makundi manne: asilimia 0.05, 0.025, 0.01, na matone matupu. Baada ya mwaka, kundi la 0.05 lilikuwa limeongeza namba kwa 0.27, na la matone matupu kwa 0.81. Kundi la 0.01 lilikuwa kwa 0.59, jambo linaloonekana si baya, mpaka ukitazama urefu wa jicho: milimita 0.36 kwa kundi hilo, 0.41 kwa waliotiwa matone matupu. Karibu hakuna tofauti. Mwaka 2023 jaribio la Marekani la kipimo cha 0.01 halikuona faida yoyote baada ya miaka miwili.

Shangazi alipotuma picha ya kichupa kwa WhatsApp, dada yake Mdogo aliikuza picha na kusoma: atropini, asilimia 1. Ndiyo ile ya Singapore ya kwanza, mara ishirini ya dozi kali ya Hong Kong. Huwekwa kwenye maduka ya dawa kwa kazi nyingine kabisa, na kwa mbali kichupa kinafanana na kingine chochote. Tone moja hupanua mboni kwa wiki nzima au zaidi. Kwa mtoto mdogo, matone machache yakipita kwenye kona ya jicho na kushuka kooni, au kichupa kikinywewa, mdomo hukauka, ngozi inakuwa kavu na ya moto, moyo unakwenda mbio, mtoto anaweweseka. Hapo ni hospitali mara moja. Shangazi hakukasirika. Aliuliza tu, "Sasa ile ya watoto wa jirani ni ipi?" Akaenda kuangalia. Ilikuwa 0.05, iliyotengenezwa kwa maagizo ya daktari wao.

Hapa Uingereza pia matone haya huandikwa na mtaalamu. Anayeandikiwa hutia tone moja kila usiku kabla ya kulala, kisha hubonyeza kona ya jicho upande wa pua kwa dakika moja ili dawa isishuke. Dozi ikiwa imezidi kwa mtoto husika, dalili ni mbili: anafunika macho nje, au anasogeza kitabu mbali ili asome. Na haiachwi ghafla kwa sababu likizo imefika. Majaribio mengi yamefanywa kwa watoto wa Asia ya Mashariki. Watoto wenye asili ya Afrika wamekuwa wachache mno ndani yake, na mpima macho wa Mdogo alilisema hilo mwenyewe bila kuulizwa.

Tunarudi basi kwenye urefu, kwa sababu ndiko swali la mama lilikotufikisha. Unajuaje kwamba inafanya kazi? Namba ya miwani inaweza kudanganya. Mtoto akikaza macho wakati wa kupimwa, namba huonekana kubwa kuliko ilivyo, ndiyo maana hutiwa kwanza matone ya kulegeza msuli, na kwa macho meusi kama yetu matone hayo huchukua muda zaidi. Ukiharakishwa, omba usubiri. Kwa mtoto wa lenzi za kulalia namba haina maana kabisa, kwa kuwa konea imebonyezwa. Kinachobaki ni mashine ya kupima urefu wa jicho. Haigusi jicho, inatumia mwanga, inachukua sekunde chache. NHS humpima mtoto macho bure, lakini kipimo hiki cha urefu hakimo, na duka lao liliwatoza ada ya ziada.

Jicho la kulia la Mdogo, siku aliyopewa miwani maalumu, lilikuwa milimita 24.62. Baada ya miezi sita, 24.70. Baada ya mwaka, 24.79. Limerefuka kwa 0.17. Ukikumbuka kwamba watoto wa miwani ya kawaida kule Hong Kong walirefuka 0.55 kwa miaka miwili, yaani zaidi ya 0.27 kwa mwaka, si haba. Hatusemi yote ni kazi ya lenzi. Mdogo amekua mwaka mmoja, na kasi hupungua yenyewe na umri. Tena hatuna jicho la pili la Mdogo lililobaki na miwani ya kawaida tukalilinganisha. Hata jicho lisilo na tatizo, kwa umri huu, hurefuka kama 0.1 kwa mwaka.

Mpima macho amesema kipimo kijacho kikivuka 0.15 kwa miezi sita, ataandika barua kwa daktari wa macho wazungumzie kuongeza matone ya 0.05 juu ya miwani. Mama amekiandika kiwango hicho kwenye kalenda ya jikoni, kwa Kiswahili, mwezi wa tatu: "Jicho la kulia, lisipite 24.94."